Kadi imefungwa kwa kukosea PIN, mbona apu bado inaonyesha miamala ya Pending?

Binamu yangu alinipigia Jumamosi asubuhi, hata salamu hamna. "Kaka, we si ulikua kitengo cha kadi, ebu niambie, jana usiku nimekosea PIN mara tatu kadi ikafungwa, mbona leo naona hela bado zinatoka?" Nikamwambia tulia, nitumie skrinshoti ya apu, alafu usiende tena ATM kujaribu. Akatuma. Nitaitumia hiyo skrinshoti yake humu mwanzo mwisho maana ina karibu kila kitu ambacho watu huniuliza kuhusu hili swala. Namba nitaziweka tupu bila sarafu, we weka sarafu yako.

Skrinshoti ilikua hivi. Juu kabisa salio mbili, moja 1,000 na chini yake ingine 588 imeandikwa ni ya kutumia. Chini yake mistari: pampu ya mafuta 100, `Pending`, Ijumaa. Hoteli 300, `Pending`, Ijumaa. Huduma ya muziki ya kila mwezi 12, `Pending`, Jumamosi. Alafu mistari mitatu ya ATM, kila mmoja 200, ina rangi ya kijivu na neno `Declined`. Yeye alichoona ni hela imeondoka baada ya kadi kufungwa, tena na ile 200 mara tatu alikua ana wasiwasi imekatwa pia.

Sasa kabla ya kuanza kumrukia mtu wa huduma kwa wateja inabidi ujue kitu kimoja, na ukishakielewa hiki mengine yote yanafuata. Kufunga kadi ni kufunga mlango wa kuingilia. Anayekuja kuomba hela baada ya mlango kufungwa anarudishwa. Aliyeshaingia kabla, akapewa ndio yake, yuko ndani tayari na mlango haumhusu.

Ukilipa kwa kadi hela haihami saa hiyo hiyo, hata kama mashine imetoa risiti. Kinachotokea ni mashine ya muuzaji inauliza benki yako "huyu ana 100?" na benki inajibu ndio au hapana ndani ya sekunde chache. Ikijibu ndio inafanya vitu viwili, inatoa namba ya idhini, mara nyingi tarakimu sita, na inaishika hiyo 100 kwenye akaunti yako ili usije ukaitumia pengine. Huko kushikwa ndo unakoona kwenye apu kama `Pending`. Hela bado ni ya kwako kwenye vitabu vya benki, ndo maana salio la juu limebaki 1,000, ila huwezi kuigusa, ndo maana salio la kutumia limeshuka. Baadaye, saa ingine usiku ule ule, saa ingine siku moja hadi tatu za kazi, muuzaji anatuma hesabu zake za siku kupitia mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, na hapo ndo hela inatoka kweli, `Pending` inaondoka na mstari unakua muamala kamili.

Hii hatua ya pili haiulizi kadi. Haiulizi PIN, haiangalii kama kadi imefungwa au imeibiwa au umeikata kwa mkasi. Benki ilishasema ndio, na muuzaji alishatoa mafuta au chumba kwa kuamini hiyo ndio, kwahiyo benki inalipa. Ingekua benki inaweza kugeuka kisa mteja amekosea PIN saa mbili usiku, hamna duka lingekubali kadi.

Piga hesabu ya binamu sasa. 1,000 toa 100 toa 300 toa 12 ni 588. Imegonga pale pale kwenye salio la kutumia. Maana yake zile 200 tatu za ATM hazijagusa kitu. Hiyo hesabu fanya mwenyewe kabla hujampigia mtu yeyote: salio la kitabu, toa kila mstari wa `Pending`, angalia kama unapata salio la kutumia. Ikigonga, unajua hela zako zote ziko wapi. Isipogonga, kuna mstari ambao apu haikuonyeshi, na hapo una swali la maana la kuuliza benki badala ya "hela yangu iko wapi".

Mistari ya ATM ya Declined, je imekatwa?

Hapana. PIN ikikosewa benki inajibu hapana, kwenye mifumo ya kadi jibu hilo lina namba yake, 55, na ukishamaliza nafasi zako linakua 75, yani majaribio yamezidi. Baadhi ya ATM zinachapisha hizo namba kwenye risiti ndogo na watu wanazitupa, mimi nasema piga picha. Jibu la hapana halishiki hela hata senti. Apu zingine hazionyeshi kabisa haya majaribio, zingine zinaonyesha kijivu kama ya binamu, na kuna zile (nazichukia kidogo) ambazo zinaweka mstari wenye kiasi bila neno lolote mpaka uuguse ndo unaona umekataliwa. Kwahiyo gusa mstari kwanza kabla ya kupiga kelele.

Ila kuna hali moja ambayo mstari wa ATM unakaa `Pending` kweli, na imeshawachanganya watu wengi kwa sababu inafanana sana na PIN kukosewa. Mtu anaweka PIN ya kwanza, imekosewa. Anaweka ya pili, safari hii sahihi, benki inasema ndio na inashika 200, lakini jibu linapotea njiani, laini ya mashine imekatika, ATM inasubiri wee alafu inaandika muamala haukukamilika na kutema kadi. Mtu hasomi ujumbe vizuri, anajua tu "imekataa", anaanza kujishuku, labda ile PIN sio, ngoja nijaribu ile ya zamani. Anaweka tatu zisizo sahihi na kadi inafungwa. Ukimuuliza atakwambia nimekosea PIN mara tano, kumbe hapo katikati kuna moja alipatia.

Utajuaje kama ni hii? Kwanza hesabu ya majaribio. PIN sahihi inarudisha kihesabio mwanzo, kwahiyo kama benki yako inaruhusu matatu na we unakumbuka kabisa umebonyeza matano siku hiyo, kuna sehemu ulipatia. Pili, kwenye apu kutakua na mstari mmoja wa ATM ambao sio `Declined`, na salio la kutumia limepungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa kawaida ATM ikishindwa kutoa noti inatakiwa itume yenyewe ujumbe wa kufuta, na hela inaachiwa dakika hizo hizo au ikichelewa ndani ya siku. Ukiona imepita siku ya kazi nzima bado imeshikwa, au mbaya zaidi imegeuka kua muamala kamili wakati noti hukupata, hapo usisubiri, andikisha malalamiko benki kwako ukiwa na saa, mahali ilipo mashine na kiasi. Hata kama ATM ni ya benki ingine malalamiko yanaanzia kwenye benki iliyokupa kadi, wao ndo wataomba kumbukumbu za mashine na hesabu ya noti zilizobaki ndani.

Pending ina tarehe ya kabla ya kufungwa

Hii ndo asilimia kubwa ya kesi na haina cha kutengeneza, ni kusubiri. Pampu ya binamu ilikua Ijumaa asubuhi, hoteli saa nane mchana, PIN alikosea saa mbili na dakika kumi usiku. Mbili zote zilishapata ndio yao mapema.

Kilichomshangaza zaidi ni kiasi, maana mafuta alijaza ya 42 na apu inasema 100. Pampu za kujilipia mwenyewe haziwezi kujua utajaza kiasi gani wakati unaingiza kadi, kwahiyo zinaomba idhini ya kiwango fulani kilichopangwa, alafu ukimaliza kujaza ndo zinatuma kiasi halisi. Benki zingine zinarekebisha mstari papo hapo, zingine zinaacha 100 imekaa mpaka hesabu ya muuzaji ifike. Ya kwake ilikaa. Jumatatu mstari wa 100 ukaondoka, ikaja 42. Salio la kitabu likawa 958, la kutumia likawa 406, fanya mwenyewe uone, 958 toa 300 toa 12 toa 240 ingine ya hoteli iliyoingia Jumapili, hiyo nitaieleza chini.

Angalia na tarehe yenyewe usiiamini kwa macho. Kuna apu zinaweka siku ya ununuzi na kuna zingine zinaweka siku mstari ulipoingia kwenye mfumo, na saa inaweza kua ya nchi ilipo seva. Muamala wa saa tano usiku Ijumaa unaweza kuonekana Jumamosi. Gusa mstari, tafuta saa kamili, na kama haipo muulize mtu wa benki saa ya idhini, sio saa ya muamala. Hayo maneno mawili yanampeleka kwenye skrini sahihi.

Pending imeingia baada ya kadi kufungwa

Hapa ndo pana mambo, na hapa ndo binamu alikua na haki ya kuuliza. Ile 12 ya muziki iliombwa Jumamosi saa tisa usiku, saa karibu saba baada ya kadi kufungwa. Iliingiaje?

Imeingia kwa sababu kilichofungwa sio kadi. Kilichofungwa ni PIN. Watu wengi (na nasema ukweli hata baadhi ya wanaopokea simu benki) wanatumia neno moja "imefungwa" kwa vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni PIN kuzuiwa baada ya majaribio kuisha, kadi yenyewe ni nzima, ila chochote kinachotaka PIN kinakataliwa. Cha pili ni kugandisha, kile kitufe kwenye apu unachozima na kuwasha mwenyewe, hicho kinakataa maombi mapya ingawa benki zingine zinaacha malipo ya kila mwezi yapite. Cha tatu ni kufungwa moja kwa moja kadi ikiripotiwa kupotea au kuibiwa, namba inakufa na hairudi.

Kama ni cha kwanza tu, basi ununuzi wa mtandaoni hautaki PIN, unataka namba za kadi na labda ujumbe wa kuthibitisha. Malipo ya kila mwezi hayataki PIN, muuzaji anaomba kwa ruhusa uliyompa zamani. Kugusisha kadi kwa kiasi kidogo mara nyingi hakutaki PIN. Na kadi uliyoiweka kwenye simu ndo kabisa, simu inatumia namba mbadala na kidole chako au uso, PIN ya kadi haiulizwi. Zote hizo zinaweza kuendelea wakati ATM inakukatalia. Kuna benki zinaamua PIN ikizuiwa kila kitu kinazimwa, ni sera yao, lakini usidhani yako ni hivyo mpaka wakuambie.

Kwahiyo swali la kuuliza sio "mmefunga kadi?" maana jibu litakua ndio na halikusaidii. Uliza: kilichozuiwa ni PIN peke yake au kadi nzima, na je malipo ya mtandaoni na ya kwenye simu yamezimwa pia? Kama ni we mwenyewe uliyekosea PIN, PIN peke yake inatosha, huna haja ya kuua kadi. Kama hukua wewe kwenye ile ATM, yani umeona majaribio ya PIN na kadi huna mfukoni, hapo PIN kuzuiwa hakukulindi. Aliyenayo anaweza kugusisha, anaweza kuandika namba mtandaoni. Gandisha kwenye apu sekunde hiyo alafu piga simu waifunge kabisa.

Zipo sababu zingine mbili za mstari kuingia baadaye hata kadi ikiwa imefungwa yote, nazo ni chache ila zipo. Moja ni muamala uliofanyika bila mawasiliano, kama ndani ya ndege, mashine inakubali yenyewe kwa masharti ya chipu na inatuma baadaye ikipata laini, kwahiyo benki inauona leo wakati we ulinunua jana. Nyingine ni pale mfumo wa benki ukiwa chini, mtandao wa kadi unaweza kujibu kwa niaba yake kwa viwango walivyokubaliana, na benki ikirudi hewani ndo inapokea taarifa. Kwenye hali zote mbili utaona jina la muuzaji unayemfahamu na kiasi unachokikumbuka, tatizo ni saa tu.

Sasa kama jina hulijui, kiasi hukikumbuki, na saa ya idhini ni ya baada ya kufungwa, acha kutafuta maelezo. Ripoti. Usisubiri eti mpaka itoke kwenye `Pending`. Benki nyingi zitakwambia fomu ya kupinga muamala haijazwi mpaka uwe kamili, na hilo ni kweli kwa sababu mstari unaosubiri unaweza kufutika wenyewe na hapo hakuna cha kudai, lakini taarifa ya wizi ni kitu kingine na hiyo inapokelewa muda wowote. Waambie waandike kama taarifa ya wizi na wakupe namba ya kumbukumbu.

Muuzaji yule yule ameonekana mara mbili

Hii ya hoteli ilitaka kumuua binamu kwa presha. Alipoingia Ijumaa walishika 300 kama dhamana. Jumapili anaondoka, bili halisi ni 240, mapokezi wakatumia kadi waliyoiweka kwenye mfumo wao, PIN haikuulizwa, ikapita. Jioni apu inaonyesha hoteli 300 `Pending` na hoteli 240 `Pending`. Jumatano ya wiki iliyofuata 240 ikawa kamili, na 300 imekaa palepale kama jiwe. Muziki nao ulishakamilika Jumanne. Salio la kitabu 706, la kutumia 406.

Kilichotokea ni hiki. Namna sahihi ni hoteli kukamilisha ile idhini ya mwanzo, yani wanarudi kwenye namba ile ile ya idhini ya 300 na kusema tunachukua 240, zile 60 zinaachiwa na mstari unabaki mmoja. Mtu wa mapokezi yeye alifanya mauzo mapya kabisa ya 240. Mfumo wa benki ukaona idhini mbili zenye namba tofauti, haujui kama ni kitu kimoja, ikabidi ishike zote. Hela haijakatwa mara mbili, imeshikwa mara mbili, ila kwa mtu anayetaka kununua chakula tofauti hiyo haimsaidii sana najua.

Na hapa kufungwa kwa kadi kungeweza kubadilisha mambo, sikiliza. Angekua amefunga kadi nzima Ijumaa usiku, yale mauzo mapya ya 240 yangekataliwa maana ni ombi jipya mlangoni. Lakini kama hoteli wangekamilisha ile ya zamani ya 300 ingepita bila shida, kwa sababu ndio yake ilishatolewa. Ndo maana watu wanasema "nilifunga kadi na hoteli wakakata tu", na ndo maana mapokezi wengine wanasema "kadi yako inakataa" kwa mteja mwenye hela iliyoshikwa kwao wenyewe. Ukiwa kwenye hiyo hali waambie wakamilishe idhini ya mwanzo, wasifanye mauzo mapya.

Dawa ya 300 iliyoganda ni muuzaji. Benki kwa kawaida haitaachia hela iliyoshikwa kwa neno la mteja peke yake, kwa sababu muuzaji bado ana haki ya kuidai. Binamu alipiga hoteli, akaomba wahasibu (sio mapokezi), akawapa tarehe, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi na namba ya idhini ambayo alikua ameiomba benki asubuhi. Wakatuma ujumbe wa kufuta, Alhamisi mchana 300 ikaachiwa na salio zote mbili zikawa 706. Wangekataa ingebidi asubiri muda wake uishe. Muda huo unategemea aina. Kwenye kanuni za Mastercard idhini ya kawaida inashikilia siku 7, na ile ya awali ya kina hoteli na magari ya kukodi hadi siku 30. Benki yako inaweza kua na muda wake mfupi zaidi kwenye mfumo.

Alafu kuna kinyume chake. Mstari wa `Pending` unapotea, salio la kutumia linapanda, unafurahi, siku nne baadaye muamala kamili unaingia na salio linashuka tena. Muda wa kushika uliisha kwa benki lakini muuzaji alichelewa kutuma hesabu. Sio kwamba umekatwa mara ya pili, ni ile ile ya kwanza. Kwahiyo `Pending` ikipotea bila kugeuka kamili na unajua kabisa ulinunua kile kitu, hiyo hela usiitumie.

Nimepewa kadi mpya na Pending za kadi ya zamani bado zipo

Zitakuwepo. Hela imeshikwa kwenye akaunti, kadi ni ufunguo tu. Kubadilisha kadi au namba hakufuti idhini iliyotolewa kwa namba ya zamani, hesabu ya muuzaji ikija na namba ya zamani mfumo unaipeleka kwenye akaunti ile ile. Ukigusa mstari utaona tarakimu nne za mwisho ni za kadi iliyokufa. Kama unasubiri kurudishiwa hela na duka kupitia kadi ya zamani nako ni hivyo hivyo, kwa kawaida inaifikia akaunti mradi akaunti yenyewe haijafungwa. Kufunga akaunti wakati kuna mistari inasubiri ndo kitu sipendekezi hata kidogo, na benki nyingi zitakugomea mpaka iishe.

PIN imefunguliwa lakini mashine bado inakataa

Hii naiweka kwa sababu binamu alikwama hapa mwishoni. Alipiga simu, wakamwambia tumeshaweka sawa, akaenda dukani, mashine ikaandika PIN imezuiwa. Akadhani zile `Pending` ndo zinaleta shida. Hazihusiani kabisa.

Vihesabio vya PIN vinaweza kua viwili. Kimoja kiko kwenye mfumo wa benki, hicho ndo ATM inakitumia kwa sababu ATM inauliza PIN kwa benki. Kingine kiko ndani ya chipu ya kadi yenyewe, na baadhi ya mashine za dukani zinathibitisha PIN na chipu bila kuuliza benki. Mtu wa simu anafuta kile cha benki, cha kwenye chipu hawezi kukifikia kwa simu. Inabidi kadi iingizwe kwenye mashine iliyo hewani ili benki itume amri ndani ya chipu, na sehemu ya uhakika ni ATM ya benki yako mwenyewe. Weka kadi, weka PIN sahihi, angalia salio au chagua huduma ya kufungua PIN kama ipo kwenye menyu, subiri mpaka mashine ikutemee kadi yenyewe usiivute. Benki zingine kihesabio cha mfumo kinajifuta baada ya saa 24 au usiku wa manane, ila cha kwenye chipu hakina saa, kinasubiri hiyo amri.

Binamu alienda ATM ya benki yake Jumatatu, akaangalia salio tu, kesho yake duka lile lile likakubali. Ile `Pending` ya 300 ilikua bado ipo siku hiyo, na ilikaa mpaka Alhamisi kama nilivyosema.

Ukipiga simu benki kwa kesi kama hii kua na vitu hivi mezani: saa uliyokosea PIN, mstari wenyewe una jina gani na kiasi gani, na ile hesabu ya salio mbili uliyofanya. Alafu omba saa ya idhini na namba ya idhini. Anayekujibu "subiri siku 7" bila kuangalia hivyo viwili hajafungua akaunti yako, mwambie taratibu aifungue.